Kivuli cha nguzo kimeachana na nguzo: pima tekseli kabla ya kugusa bias

Eneo la mchezo ninaotengeneza ni kituo cha daladala cha Mwenge saa kumi na moja jioni, jua likiwa nyuzi 20 juu ya upeo. Kivuli cha nguzo ya bango kilianzia karibu sentimita 38 kutoka kwenye shina, kana kwamba nguzo inaelea. Nikipunguza `bias`, yaani kiasi cha kina kinachosamehewa kabla ya kuamua kuwa sehemu iko kivulini, lami yote inajaa michirizi myeusi, yaani chunusi.

Hatua ya 1: thibitisha chunusi. Weka `bias` iwe 0, kisha ongeza ramani ya vivuli kutoka 1024 hadi 2048. Michirizi ikipungua upana kwa nusu, chanzo ni ukubwa wa tekseli, yaani mraba mmoja wa ramani hiyo. Usijaribu saa sita mchana tu: jua la Dar wakati huo huwa juu sana, lami inaonekana safi, na chunusi zinahamia kwenye kuta.

Hatua ya 2: geuza namba ziwe mita. Kwa taa ya jua kina hupanda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo `bias` ya 0.002 kwenye boksi la taa, yaani eneo linalofunikwa na ramani ya vivuli, lenye kina cha mita 200 ni sentimita 40 kamili. Hapo ndipo pengo la nguzo lilipotoka: sentimita 40 kwenye mwali wa jua ni karibu 38 kwenye lami. Lakini kwa nini nilihitaji kiasi hicho? Boksi lilikuwa na upana wa mita 200 kwa tekseli 1024, yaani karibu sentimita 20 kila tekseli. Ndani ya tekseli moja kina kinachohifadhiwa ni kimoja, ilhali lami inaendelea kuteremka. Kosa lake ni nusu tekseli mara `tan` ya pembe kati ya jua na mstari wima wa lami. Pembe hiyo ni nyuzi 70, `tan` yake 2.75, hivyo kosa ni sentimita 27, na zaidi tekseli ikikaa kimshazari.

Hatua ya 3: bana boksi. Mita 40 kwa tekseli 2048 hutoa sentimita 2 kwa tekseli, na kosa linashuka hadi chini ya sentimita 3. Vilivyo mbali vipe ramani yao ya pili.

Hatua ya 4: inua sehemu, usisogeze kina.

```glsl
float w = 40.0 / 2048.0;
float c = clamp(dot(n, l), 0.0, 1.0);
vec3 p = pos + n * w * sqrt(1.0 - c * c);
```

Hapa `n` ni mstari wima wa uso, `l` inaelekea kwenye jua, zote zikiwa na urefu wa 1, na `p` ndiyo unayoipeleka kwenye matriki ya taa. Lami inasomwa kama imepanda karibu sentimita 2, na mwali kutoka hapo kwenda kwenye jua bado unagonga nguzo, kwa hiyo kivuli kinagusa shina. Gharama yake iko kwenye ncha ya kivuli, inayofupika kwa kama sentimita 5. Ninabakiza pia `bias` ya milimita 5 kwa makosa madogo ya namba.

Ukilainisha kingo kwa sampuli 3×3, chunusi zitarudi, maana sampuli za pembeni zinafika tekseli moja zaidi. Mimi huzidisha `w` kwa 2.5 na kuiacha `bias` ilivyo.