Kutumia dawa za magnesiamu kwa choo kigumu, na kwa nini mwenye figo dhaifu asiziguse

Ninauza dawa Chake Chake, na kabla sijaitoa chupa ya maziwa ya magnesia rafuni huanza kwa kuuliza. Kwanza hutaka kujua ikiwa choo kilichofungwa kimeambatana na kutapika, tumbo kujaa na kuuma sana, au damu. Mwenye dalili hizo huenda hospitali, hapewi haluli. Pili huuliza habari za figo, kisukari na presha, swali ambalo wengi hushangaa kuulizwa kwa ajili ya choo tu.

Sababu yake ni hii. Magnesiamu huvuta maji kuyaingiza utumboni, choo kikalainika, lakini sehemu yake huingia katika damu na hutolewa na figo. Mililita 30 za dawa hiyo yenye nguvu ya kawaida, yaani miligramu 400 katika kila mililita 5, zina karibu gramu 1 ya magnesiamu yenyewe. Figo nzima huiondoa ile iliyoingia katika damu. Figo dhaifu huilimbikiza.

Mtu mzima mwenye figo nzima atikise chupa, apime mililita 30 kwa kikombe cha dawa, anywe usiku pamoja na gilasi nzima ya maji, kwani bila maji dawa haina cha kuvuta. Choo hutoka baada ya nusu saa hadi saa sita, kwa hiyo asipande boti ya Unguja mara tu baada ya kuinywa. Asizidishe wiki moja bila ya kuonana na daktari, na doksisaiklini, siprofloksasini au vidonge vya kuongeza damu avinywe saa mbili au zaidi kabla yake, maana magnesiamu huvizuia kufyonzwa. Chumvi ya haluli iliyoandikwa kuwa ni ya kuogea isinywewe kabisa.

Bibi mmoja wa miaka 64, mwenye kisukari cha muda mrefu, aliniambia, "Mwanangu, nipe haluli, leo siku ya nne." Miguu yake ilikuwa imevimba. Nilimwomba kadi ya kliniki, nikaona kreatinini, taka ya damu ambayo figo huiondoa, ni mikromoli 212 kwa lita, ambayo kwa umri wake ni uwezo wa figo wa takriban mililita 22 kwa dakika. Chini ya 30 dawa hizi hazitolewi. Akanionesha pia vidonge vya magnesiamu alivyoletewa na mwanawe kwa ajili ya mikakamao ya miguu, ambavyo hakuvihesabu kuwa ni dawa, na alivitumia kila siku.

Nilimuuliza kama anasikia kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida, au miguu kulegea anaposimama, kwa sababu hizo ndizo dalili za mwanzo za magnesiamu kuzidi, kabla ya presha kushuka, moyo kwenda polepole na pumzi kupungua. Alikiri kulegea. Nikamwambia aviache vidonge hivyo, nikampeleka hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu. Huko daktari alimwandikia laktulosi, haluli isiyo na magnesiamu, mililita 15 mara mbili kwa siku, na choo kikapatikana siku ya tatu.