Mambo ya kukagua kabla ya kutegemea muziki wa kwenye kivinjari

Kompyuta ya ofisi au ya ukumbi mara nyingi hairuhusu kusakinisha programu, kwa hiyo aliyepewa kazi ya muziki hufungua open.spotify.com. Akiona ukurasa umetokea na picha za albamu zimejipanga, anaona kazi imekwisha. Kumbe bado. Picha na orodha za nyimbo ni ukurasa wa kawaida tu, ila sauti hufika ikiwa imefungwa kwa ufunguo. Kivinjari huomba leseni kwa seva, kisha moduli ndogo ya Google iitwayo Widevine huifungua sauti hiyo. Hatua yoyote kati ya hizo ikikwama, ukurasa utaendelea kupendeza huku spika ziko kimya.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja: cheza wimbo mpaka usikie sauti, halafu ruka hadi wa pili na wa tatu. Fanya hivyo siku moja kabla, kwenye kompyuta ileile, kivinjari kilekile, na ukiweza, mtandao uleule. Jaribio la nyumbani kwenye kompyuta nyingine halikuambii lolote kuhusu ile ya ukumbini.

Ikigoma, usianze kufuta vidakuzi na historia kama watu wengi wanavyoshauri. Utamwondoa mwenye kompyuta kwenye akaunti alizokuwa ameingia na huenda tatizo likabaki palepale. Angalia kwanza imegoma vipi. Ukiona maandishi "Playback of protected content is not enabled", shida iko kwenye mpangilio wa maudhui yanayolindwa au kwenye Widevine yenyewe. Ukibonyeza kucheza na saa ikabaki 0:00, au nyimbo zikarukana upesi upesi bila sauti, wa kwanza kushukiwa ni viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa ndani ya kivinjari. Na ukiambiwa kivinjari hakikubaliki, au ukurasa usikamilike kabisa, angalia umri wa kivinjari.

Viendelezi ndivyo vinavyosumbua zaidi, hasa vizuia matangazo na vizuia skripti. Kicheza muziki hiki huchota vitu kutoka anwani kadhaa tofauti na ile unayoiona juu, zikiwemo za spotifycdn.com na scdn.co. Kizuizi kikiziba mojawapo, kicheza hungoja jibu lisilokuja. Kwa akaunti ya bure kuna jambo lingine: tangazo ni sehemu ya foleni, hivyo likizuiwa, wimbo unaofuata nao unaweza kukwama nyuma yake. Na kuzuia matangazo hapo ni kinyume cha masharti ya huduma, jambo ambalo mwenye akaunti afadhali alijue mapema.

Njia ya haraka ya kuvipima ni dirisha fiche: Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Humo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa vile vilivyoruhusiwa makusudi. Itabidi uingie upya kwenye akaunti, kwa hiyo uwe na nenosiri mkononi. Wimbo ukilia humo na kwenye dirisha la kawaida ukagoma, sababu karibu hakika ni kiendelezi. Ukigoma kote kuwili, achana na viendelezi kwa sasa, nenda kwenye mpangilio.

Kumpata mkosaji si lazima uzime kimoja kimoja. Tuseme chrome://extensions inaonyesha viendelezi vinane. Zima vinne, pakia ukurasa upya, cheza. Ukilia, mkosaji yumo kati ya vinne ulivyozima. Ukigoma, yumo kati ya vilivyobaki. Gawa tena nusu kwa nusu, na kwa raundi tatu umemfikia. Ukitaka ushahidi wa macho, bonyeza F12, fungua kichupo cha Console kisha pakia ukurasa upya. Mstari mwekundu wenye ERR_BLOCKED_BY_CLIENT maana yake kuna kitu ndani ya kivinjari chenyewe kilichoziba ombi, kwa hiyo usimlaumu mwenye intaneti. Kizuia matangazo hakina haja ya kung'olewa. Bonyeza ikoni yake ukiwa kwenye ukurasa huo, ukizime kwa tovuti hiyo peke yake.

Mpangilio wa maudhui yanayolindwa ni kazi ya dakika moja ukijua pa kwenda. Kwenye Chrome andika anwani hii:

```
chrome://settings/content/protectedContent
```

Hakikisha imechaguliwa "Sites can play protected content". Kisha fungua chrome://components, tafuta Widevine Content Decryption Module na usome toleo lake. Ukikuta 0.0.0.0, moduli haijawahi kushuka. Bonyeza "Check for update", subiri, halafu funga kivinjari chote ukifungue upya. Ikikataa kushuka kwenye mtandao wa ofisi, jaribu kwa bando la simu, maana huenda mtandao huo ndio unaoziba upakuaji. Firefox ni rahisi zaidi: Settings, General, shuka hadi "Digital Rights Management (DRM) Content", weka tiki kwenye "Play DRM-controlled content" na uipe muda ipakue moduli. Brave huiacha Widevine ikiwa imezimwa mpaka uikubali mwenyewe.

Ukitaka kuthibitisha bila kubahatisha, ukiwa kwenye ukurasa wa kicheza bonyeza F12, fungua Console, ubandike hii:

```
navigator.requestMediaKeySystemAccess('com.widevine.alpha', [{
  initDataTypes: ['cenc'],
  audioCapabilities: [{contentType: 'audio/mp4; codecs="mp4a.40.2"'}]
}]).then(() => console.log('IPO'), e => console.log(e.name));
```

Chrome inaweza kukutaka kwanza uandike allow pasting. Jibu likiwa IPO, kivinjari kinaitambua Widevine, rudi kwenye viendelezi au mtandao. Likiwa NotSupportedError, moduli haipo au imezimwa, na hakuna kufuta vidakuzi kutakakokusaidia.

Umri wa kivinjari ndio jambo lisilo na njia ya mkato. Fungua chrome://settings/help usome toleo. Likiwa nyuma, hapohapo litaanza kujisasisha, nawe bonyeza "Relaunch". Watu hupuuza kitufe hicho cha mwisho, kisha wanashangaa kwa nini kivinjari bado kile cha zamani. Lakini kwenye Windows 7 na 8.1 Chrome iliishia toleo la 109, la Januari 2023. Hata ikikuambia hakuna cha kusasisha, wewe bado uko nyuma, na huduma za muziki huendelea kuacha matoleo ya zamani. Firefox ESR 115 bado hufunguka kwenye mashine hizo na inafaa kujaribiwa siku hiyo ya majaribio, ila usiitegemee kwa muda mrefu.

Mwisho angalia kama menyu ya Chrome ina maneno "Managed by your organization". Yakiwepo, fungua chrome://policy uone kilichofungwa. Kiendelezi au mpangilio uliowekwa na fundi wa ofisi hutaweza kuubadilisha, hata ujaribu vipi, kwa hiyo mtafute yeye kabla hajatoka kazini. Asipopatikana, na kama akaunti ni ya kulipia, weka nyimbo kwenye programu ya simu na ubebe waya wa kuunganisha simu na spika, kwa sababu kicheza cha kwenye kivinjari hakihifadhi nyimbo za kusikiliza bila mtandao.