Jinsi ya kuomba muda wa GPU chuoni kwa mradi wa MAML: mfano wa majani ya mizabibu ya Dodoma

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili aliye Dodoma ambaye ameshachagua MAML, mbinu ya kufunza modeli izoee kazi mpya kwa mifano michache, na sasa ameshika fomu ya idara ya kuombea muda kwenye kompyuta yenye GPU. Fomu hutofautiana chuo na chuo, ila zile nilizoziona zote huuliza mambo manne: tatizo ni lipi, data inatoka wapi, mbinu inafanyaje kazi, na unahitaji saa ngapi. Ombi langu la kwanza lilirudishwa. Nilikuwa nimeandika “epoki 100, data asilimia 80 kwa 20”, na kamati ikaona, kwa haki kabisa, kwamba sijaielewa mbinu ninayoiombea mashine. Kwa hiyo sehemu ya mbinu nitaieleza kwa kirefu.

Hatua ya 1: Eleza kwa nini picha ni chache

Usiandike tu kwamba data ni haba. Andika sababu yake. Mradi wangu ulikuwa wa kutambua majani ya mzabibu katika makundi matatu: lenye afya, lenye ubwiri unga na lenye ubwiri vinyoya. Ubwiri vinyoya unahitaji jani lililolowa ili uambukize, na Dodoma mvua hunyesha takribani Desemba hadi Aprili. Ukienda mashambani Hombolo au Mpunguzi mwezi Agosti, utarudi na picha nyingi za majani mazima na chache sana za ugonjwa huo. Isitoshe, kila picha ya ugonjwa lazima ithibitishwe na mtu anayeujua, si wewe mwenye simu.

Maelezo hayo ndiyo yanayofanya swali lako lieleweke: je, modeli inaweza kujifunza makundi matatu mapya kwa kuonyeshwa picha tano tu za kila kundi? Kwa lugha ya wataalamu hiyo ni kazi ya makundi 3 kwa picha 5.

Kama utapiga picha mashambani, anza mapema kufuatilia barua ya utambulisho ya chuo. Utaipeleka halmashauri, kisha ofisi ya kata, kisha kijijini, na mwenye shamba naye aombwe ruhusa ana kwa ana. Mlolongo huu unaweza kula wiki kadhaa, na mvua haitakusubiri.

Hatua ya 2: Gawa data kwa makundi, si kwa picha

Hapa ndipo “80 kwa 20” iliponiponza. Katika MAML modeli haifunzwi kutambua ugonjwa fulani. Inafunzwa kuanzia mahali pazuri, ili ikipewa kazi mpya iizoee haraka. Kwa hiyo kipande kimoja cha mafunzo si picha bali ni kazi nzima.

Mimi nilitumia hifadhi ya wazi ya PlantVillage, yenye picha 54,306 za majani katika makundi 38 ya mazao 14. Makundi manne kati ya hayo ni ya mzabibu. Niliyatoa yote, yakabaki 34. Hayo 34 niligawa kwa zao zima zima: kama nyanya iko upande wa mafunzo, basi magonjwa yake yote yako huko, na hakuna nyanya upande wa kuhakiki. Ukigawa zao moja pande mbili, modeli itakuwa imeshaliona umbo la jani lile, na matokeo yatakudanganya.

Kisha eleza jinsi kazi moja inavyoundwa. Chagua makundi matatu bila mpangilio. Kutoka kila kundi chukua picha 5 za kujifunzia, jumla 15, na picha nyingine 15 za kupimia, jumla 45. Seti hizi mbili zisichangie picha hata moja. Namba za makundi, yaani 0, 1 na 2, zichanganywe upya kwa kila kazi. Sababu ya sharti hili la mwisho utaiona kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Eleza mizunguko miwili

MAML ilitolewa mwaka 2017 na Chelsea Finn, Pieter Abbeel na Sergey Levine. Jina lake kamili, Model-Agnostic Meta-Learning, linamaanisha kwamba haibagui modeli: inafaa kwa modeli yoyote inayofunzwa kwa gradienti.

Mzunguko wa ndani ni wa kazi moja. Unachukua uzito wa kuanzia θ, unapima kosa kwenye zile picha 15 za kujifunzia, kisha unausogeza uzito kidogo:

```
θ' = θ − α ∇L_kujifunzia(θ)
```

Unaweza kurudia hatua hii mara kadhaa. Tano ni kawaida. Uzito θ' ni wa kazi hiyo peke yake na hutupwa kazi ikiisha.

Mzunguko wa nje ndio unaobaki. Kwa kila kazi unaupima θ' kwenye picha 45 za kupimia, unajumlisha makosa ya kazi zote za fungu hilo, kisha unaurekebisha θ wa mwanzo:

```
θ ← θ − β ∇_θ Σ L_kupimia(θ')
```

Itazame alama ya gradienti kwa makini. Kosa linapimwa kwa θ', lakini gradienti inachukuliwa kwa θ. Yaani swali si “uzito huu una makosa kiasi gani sasa?” bali “ningeanzia wapi ili baada ya kujifunza kidogo makosa yawe machache?” Wengi huandika fomula sahihi na kuieleza vibaya, na mjumbe wa kamati anayejua atauliza hapohapo.

Mfano wa namba moja unasaidia kuliko aya tatu. Tuseme θ ni namba tu na inaanzia 0. Kazi ya kwanza inataka namba 1, ya pili inataka 3, na kosa ni tofauti iliyopigwa kipeo cha pili. Kwa urahisi, seti ya kujifunzia na ya kupimia zinataka namba ileile. Weka α = 0.1.

Kazi ya kwanza: gradienti ni 2(0 − 1) = −2, hivyo θ' = 0.2. Kazi ya pili: gradienti ni 2(0 − 3) = −6, hivyo θ' = 0.6. Huo ndio mzunguko wa ndani.

Sasa wa nje. Gradienti kwenye θ' ya kwanza ni 2(0.2 − 1) = −1.6, na kwenye ya pili ni 2(0.6 − 3) = −4.8. Lakini tunataka gradienti kwa θ, na θ ikisogea kwa 1, θ' husogea kwa 0.8 tu, kwa sababu 1 − 2α = 0.8. Tunazidisha: −1.28 na −3.84, jumla −5.12. Kwa β = 0.1, θ inatoka 0 kwenda 0.512. Ukiendelea itatulia kwenye 2, katikati ya kazi zote mbili.

Ile 0.8 ndiyo gharama ya MAML. Kwenye mtandao halisi inageuka kuwa gradienti ya gradienti, na kumbukumbu ya GPU inajaa kwa sababu hatua zote za ndani lazima zitunzwe. Ukiiacha, unapata toleo la gradienti ya kwanza tu. Kwenye mfano wetu θ ingekwenda 0.64 badala ya 0.512. Katika majaribio ya watunzi wenyewe kwenye MiniImagenet, kwa makundi 5 na picha 1, MAML kamili ilipata asilimia 48.70 na toleo hilo jepesi 48.07. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuomba kuanza na jepesi. Kamati hupenda kuona kwamba umelifikiria hilo.

Ambatisha pia mistari hii ya msimbo. Inaonyesha kwamba mizunguko miwili imeungana kweli:

```python
theta = dict(modeli.named_parameters())
kosa = F.cross_entropy(functional_call(modeli, theta, (x_jifunze,)), y_jifunze)
g = torch.autograd.grad(kosa, list(theta.values()), create_graph=True)
theta_p = {k: w - alpha * gi for (k, w), gi in zip(theta.items(), g)}
kosa_nje = F.cross_entropy(functional_call(modeli, theta_p, (x_pima,)), y_pima)
kosa_nje.backward()
```

Kwa toleo jepesi, `create_graph` inakuwa `False`.

Hatua ya 4: Kokotoa saa unazoomba

Usikisie. Hesabu yangu ilikuwa hivi: hatua 20,000 za nje, kila moja ikiwa na kazi 4, ni kazi 80,000. Kila kazi ina hatua 5 za ndani, hivyo hatua za ndani ni 400,000, na juu yake vipimo 80,000 vya nje. Endesha hatua 100 za nje kwenye GPU inayofanana na ile unayoiomba, upime. Tuseme zinachukua sekunde 40. Basi 20,000 zitachukua sekunde 8,000, yaani saa 2 na dakika 13. Utarudia mara tatu kwa mbegu tofauti za nasibu, kwa sababu MAML huyumba: mbegu moja inaweza kutulia vizuri na nyingine kosa likapaa ghafla. Hizo ni saa 6 na dakika 40. Ongeza uhakiki na mbinu ya kulinganishia, uombe saa 10.

Mbinu ya kulinganishia usiiache. Chukua mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha nyingi, ubadilishe tabaka lake la mwisho kwa zile picha 15. Mara nyingine njia hiyo rahisi huishinda MAML, na ni heri uligundue wewe kabla ya mtahini.

Hatua ya 5: Sema utajuaje kama imeharibika

Wengi huiruka sehemu hii. Kipimo kimoja kinatosha kuandika: usahihi kwenye picha za kupimia kabla ya mzunguko wa ndani na baada yake. Kwa makundi matatu, kabla inapaswa kuwa karibu asilimia 33, kwa sababu modeli haijui kundi lipi limepewa namba ipi. Baada inapaswa kupanda. Ikiwa kabla tayari ni 80 na baada ni 81, umesahau kuchanganya namba. Modeli imekariri makundi na mzunguko wa ndani haufanyi kitu.

Tabaka la kusawazisha fungu, `BatchNorm2d`, nalo huleta shida. Likitumia wastani wa fungu lililopo, picha zote 45 za kupimia zinasaidiana zikipita pamoja. Pitisha moja moja: usahihi ukishuka sana, ujue shambani mkulima mwenye picha moja hatapata yale uliyoripoti.

Picha za PlantVillage ni za jani moja juu ya mandhari tupu. Za Hombolo zina udongo, kivuli na majani mengine nyuma. Tarajia usahihi kushuka na uliandike kwenye fomu. Jaribio la mwisho lifanye hivi: picha 5 za kujifunzia zitoke shamba moja, za kupimia zitoke shamba jingine.

Hatua ya 6: Wasilisha

Fomu isainiwe na msimamizi wako baada ya kusoma hatua ya 3 na ya 4, si kabla. Ambatisha msimbo, matokeo ya zile hatua 100, orodha ya makundi ya kila upande, na nakala ya barua ya halmashauri. Ombi langu la pili lilikuwa na kurasa nne. Nililipeleka Jumatatu, nikaitwa kueleza kwa nini gradienti inachukuliwa kwa θ na si θ', nikachora ule mfano wa namba 1 na 3 ubaoni, na nikapewa zile saa 10 nilizoomba.