Jinsi ya kuhesabu siku ya mwisho ya kununua hisa yenye gawio, na kwa nini bei hushuka siku inayofuata

Mwenye duka mmoja wa Marikiti alifika ofisini kwetu, Barabara ya Nkrumah, akiwa na karatasi mbili mkononi: tangazo la kampuni lililosema kwamba daftari la wanahisa litafungwa siku ya Ijumaa, na risiti ya wakala iliyoonyesha kwamba alinunua hisa 1,000 siku ya Jumatano. Gawio halikumfikia, naye aliamini kuwa amedhulumiwa. Hesabu yake ndiyo nitakayoifuata hapa, nikiweka tarakimu za mfano ili zifuatike kwa urahisi: bei ya shilingi 20 na gawio la shilingi 1 kwa kila hisa.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe ya kufunga daftari, kisha urudi nyuma.

Tarehe ya kufunga daftari ni siku ambayo kampuni hutazama ni nani walioandikwa kuwa wanahisa. Kununua na kuandikwa ni mambo mawili tofauti, kwa sababu katika Soko la Hisa la Nairobi malipo na uhamisho wa hisa hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya siku ya biashara. Aliyenunua Jumanne huandikwa Ijumaa, akawahi. Aliyenunua Jumatano huandikwa Jumatatu, wakati daftari limekwisha kufungwa. Basi Jumanne ndiyo siku ya mwisho ya kununua hisa pamoja na gawio lake, na kuanzia Jumatano hisa huuzwa bila gawio. Muuzaji wa Jumatano hubaki na haki ya gawio hilo, kwa kuwa siku ya Ijumaa jina lake bado limo daftarini.

Hesabu siku za kazi peke yake. Wiki ya Idi huwatatiza wengi hapa Mombasa: sikukuu ikiangukia Alhamisi, siku ya mwisho inarudi Jumatatu. Wala usichukue hesabu hii ukaipeleka soko jingine. Marekani, tangu tarehe 28 Mei 2024, uhamisho hukamilika siku moja tu ya kazi baada ya biashara, hivyo kwa kawaida siku ya kuuzwa bila gawio na siku ya daftari huwa ni moja.

Hatua ya 2: Kadiria bei ya siku hiyo.

Chukua bei ya kufunga ya Jumanne, utoe gawio: 20 kutoa 1 ni 19. Sababu yake ni hii. Tuseme kampuni ina hisa milioni 10, na soko linaithamini shilingi milioni 200. Itakapolipa gawio, milioni 10 zitatoka katika akaunti yake, na thamani itakayobaki ni milioni 190, yaani shilingi 19 kwa kila hisa. Ni kweli kwamba fedha zenyewe hutoka baadaye, pengine baada ya wiki kadhaa, lakini mnunuzi wa Jumatano anajua kwamba shilingi ile imekwisha kuwa ya mtu mwingine, kwa hiyo haitoi. Anayenunua mbuzi ambaye mwanawe amebaki kwa muuzaji hatoi bei ya mbuzi na mwanawe.

Tulipoisoma tena risiti ya yule mwenye duka, mstari wa bei ulionyesha shilingi 19. Gawio alilolikosa hakuwa amelilipia.

Hatua ya 3: Linganisha na bei iliyotokea.

Hakuna sheria inayolazimisha bei ishuke kwa shilingi 1 kamili. Soko zima likipanda asilimia 1 siku hiyo, hisa yetu inaweza kufunga karibu na 19.20, na kushuka kwake kukaonekana kudogo. Tazama pia idadi ya hisa zilizouzwa. Baadhi ya hisa zetu hupitisha siku nzima bila mnunuzi, na bei inayoonyeshwa hubaki ile ya zamani. Hapo 20 si bei ya leo, ni kumbukumbu ya jana. Kwa sababu hiyo hiyo, kama uliacha oda ya kununua kwa shilingi 20, ifute kabla ya Jumatano na uiweke upya. Ikikutana na muuzaji, utakuwa umelipia gawio usilolipata.

Hatua ya 4: Kabla ya kununua Jumanne ili uuze Jumatano, piga hesabu yote.

Unalipa 20,000 na kuuza kwa 19,000. Gawio lako ni 1,000, lakini mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5, hivyo unapokea 950. Umepungukiwa na shilingi 50 kabla ya wakala kudai chochote. Tukichukulia gharama za wakala na tozo za soko kuwa asilimia 2 kwa kila upande, ni 400 wakati wa kununua na 380 wakati wa kuuza. Jumla ya hasara ni shilingi 830, na hiyo ni pale bei inaposhuka kwa kiasi cha gawio tu.