"Langi" si tatizo

Mtoto wa miaka 3 akisema "langi" badala ya "rangi", mwache. Sauti ya r huchelewa kukomaa, na wengine huipata wakiwa na miaka 5 au zaidi. Tena kama hata bibi yake huchanganya r na l, mtoto anaongea Kiswahili cha kwao tu.

Cha kupima ni hiki: je, mtu asiyeishi naye anamwelewa? Akifika miaka 3, mgeni anapaswa kuelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Miaka 4, karibu yote. Wewe mzazi si kipimo kizuri, umeshamzoea.

Kwa aliyechelewa kuongea, umri wa kuchukua hatua ni miaka 2. Andika maneno yake kwa wiki moja. Ya Kiswahili, ya Kichaga, hata "nyau" kwa paka, yote yahesabiwe. Yasipofika 50, au kama haungi mawili pamoja ("maji hamna", "baba njoo"), mpeleke kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Usiambiwe "wavulana huchelewa" ukasubiri hadi shule.

Anza na kipimo cha masikio. Mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio hushtuka mlango ukigongwa, lakini s na f hazimfikii vizuri, kwa hiyo anaweza kushindwa kuzitamka.

Aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, usihesabu chochote. Nenda wiki hiyohiyo, umri wowote.