Namba ya parokia ihifadhiwe kwanza

Parokia inayotaka waumini wengi zaidi Jumapili na michango ya kutosha haihitaji video ya kuchekesha inayotazamwa na watu wa mikoa mingine, kwa kuwa hao hawatakuja misani. Inahitaji kuwafikia wanajumuiya wake, na njia ninayoiona bora ni orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo humfikia kila mmoja kama ujumbe wake binafsi na jibu lake huonekana na ofisi peke yake.

Orodha moja huchukua watu 256, lakini ujumbe huwafikia tu wale waliohifadhi namba ya parokia kwenye simu zao. Kwa hiyo viongozi wa jumuiya waisimamie kazi hiyo siku ya sala, simu kwa simu (wazee watahitaji kusaidiwa). Baada ya kutuma, fungua taarifa za ujumbe: ambaye hajaupokea kwa siku kadhaa huenda hajaihifadhi namba, au amebadilisha laini.

Ijumaa jioni tuma saa za misa na jambo moja la mchango. Badala ya kuandika "tuchangie paa", andika kwa mfano: "Bati moja ni shilingi 35,000, tumepata 42 kati ya 60," pamoja na picha ya mabati yaliyokwisha kununuliwa. Lipa Namba iwe na jina la parokia, kwani mtu akiona jina la mtu binafsi kabla ya kuthibitisha malipo, mara nyingi huahirisha.