Ukimwandikia mzee wasifu, usianze na miaka

Wengi tunamkalisha babu na kuanza: "Ulizaliwa mwaka gani? Uliajiriwa lini?" Anajibu kwa mkato, na nusu ya miaka anakisia. Anza na kitu alichokishika mkononi.

Nilimuuliza babu yangu, mstaafu wa reli: "Babu, siku ya kwanza kazini ulikabidhiwa nini?" Akainua mkono kama ameshika taa ya ishara, akaupunga taratibu kushoto na kulia. Maelezo ya nusu saa yakafuata, nami nikanyamaza na kurekodi kwa simu.

Mwaka niliutafuta baadaye, kwa kutumia matukio. "Ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada?" Akasema vita vilikuwa vimekwisha, na mama yangu ndiyo kwanza ameanza kutembea. Cheti cha mama kinasema Agosti 1978, kwa hiyo nikaandika "mwishoni mwa 1979".

Kisha uliza: "Mambo yakiharibika kazini, walikuwa wanakuita wewe kwa lipi?" Hapo ndipo mzee anataja ujuzi wake bila kuona anajisifu. Hata ukimwandikia wasifu bosi mwenye dakika 10 tu, swali hili muulize la kwanza, maana vyeo vyake utavipata kwenye faili.

La mwisho, zima simu kwanza: "Kipi nisiandike?" Babu alitaja jina moja, nikalifuta mbele yake. Rasimu ikiwa tayari msomee kwa sauti. Akikunja uso, hapo pana kosa.